Ombi la kusogeza tathmini yangu ya mwaka ya tarehe 16 mwezi wa 12

Jambo Mama Shefu,

Leo asubuhi biro ya wafanyakazi imenitumia ratiba: tathmini yangu ya mwaka imewekwa Jumanne tarehe 16 mwezi wa 12, saa nne asubuhi. Siku hiyo nitakuwa Kalemie. Konje yangu inaanza Ijumaa tarehe 12 hadi tarehe 26; mliisaini wenyewe mwezi wa 9, na tiketi ya ndege imekwisha kulipwa. Nafikiri aliyepanga ratiba hakufungua daftari la konje.

Naomba tuifanye kabla sijaondoka. Jumanne tarehe 9 au Jumatano tarehe 10, saa nane mchana, zote mbili zinanifaa. Mwenzetu wa Kinshasa anayesikiliza kwa simu hatasumbuka: saa nane yetu ni saa saba kwake. Kama wiki hiyo mmebanwa na mahesabu ya mwisho wa mwaka, basi Jumanne tarehe 6 mwezi wa 1, 2026. Lakini ningependa zaidi tumalize kabla ya sikukuu.

Konje yenyewe siwezi kuigusa. Dada yangu mdogo anaolewa, baba yetu hayupo tena, na mimi ndiye nitakayekaa mbele ya wageni kupokea mahari. Jambo hilo halitumiwi mtu mwingine.

Nimefikiria pia tuzungumze kwa simu nikiwa huko, ila naona haitafaa. Kuna lengo moja ambalo lazima tuliangalie pamoja na karatasi mezani: lile la kupeleka mizigo kwa wateja ndani ya siku mbili. Kwenye fomu litaonekana halikufikiwa mwezi wa 7 na wa 8. Makamyo yetu yalikuwa yamekwama kwenye mstari wa Kasumbalesa, na siku mbili zinahesabiwa tangu mzigo unapotoka duane au tangu unapoingia depo? Fomu haisemi. Nina bordero zote, kila moja na muhuri wa siku kamyo ilipovuka na saini ya mlinzi wetu wa geti ilipofika. Ukizilaza sambamba unaona kwamba sehemu ya depo, mara nyingi, ilikwisha siku ileile. Kwa simu hayo yatakuwa maneno matupu.

Sehemu yangu ya fomu nitawaletea Ijumaa tarehe 5, imejazwa, ili mpate wikendi ya kuisoma. Msaidizi wangu atabaki na funguo za depo pamoja na daftari la stoku, na tutahesabu naye Alhamisi tarehe 11 jioni.

Mkikubali siku mojawapo, nijibuni tu kwa neno moja. Biro ya wafanyakazi nitawaarifu mimi mwenyewe ili wabadilishe ratiba.

Asante sana, Mama Shefu.

Kabwe
Msimamizi wa depo, Lubumbashi