Kuhusu msiba wa mwenzetu Rehema

Ndugu wenzangu,

Rehema amefiwa na mama yake mzazi jana, Jumapili alfajiri. Nimeongea naye na ameridhia niwajulishe hilo tu. Sababu ya kifo tusiiulize. Akitaka ataisema mwenyewe. Mazishi ni Jumatano tarehe 12, saa 8 mchana. Wanaotaka kwenda waniambie leo kabla ya saa 10 jioni nipange zamu, maana dawati la malipo lazima libaki na watu 2.

Atarudi kazini Jumatatu tarehe 24. Hadi siku hiyo asipigiwe simu ya kazi, hata ile ya "swali moja tu". Tuko 9 hapa; kila mmoja akiwa na swali lake moja, tumeshamtoa msibani mara 9. Likikukwama, lete kwangu. Salamu za pole ni jambo jingine: mtumieni, fupi, bila kumdai jibu.

Ankara za wasambazaji anazishika Joseph. Ziko 14, na 5 zinafikia ukomo wiki hii. Aanze na hizo. Amina atalinganisha hesabu za benki. Orodha ya mishahara inafungwa Alhamisi tarehe 20. Kwa kawaida Rehema huiandaa nami nikaidhinisha. Safari hii nitaiandaa mimi, Fatuma aidhinishe, kwa sababu mkono mmoja ukifanya yote mawili kosa la tarakimu hupita bila jicho la pili.

Asiombwe nywila yake na yeyote. Watu wa TEHAMA watawafungulia ruhusa za muda kwa majina yenu leo saa 6 mchana. Kinachofanywa kwa jina lake akiwa hayupo kitamrudia yeye siku ya ukaguzi, na hilo hatumtendei. Barua pepe zake zitaingia kwenye sanduku la pamoja. Joseph alipitie saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Taarifa ya robo mwaka nimeisogeza hadi tarehe 28.

Rambirambi anakusanya Esta hadi kesho saa 9 alasiri. Ni hiari kabisa. Majina na viwango havitatangazwa.

Akirudi, wiki ya kwanza atafanya nusu ya kazi zake na hataidhinisha malipo. Hajapungukiwa uwezo, ni kwamba hesabu zinataka umakini, na umakini ndio huondoka kwanza mtu anapofiwa. Tafadhali msimkwepe. Wengi hukaa mbali na mfiwa kwa kuogopa kukosea maneno, naye akaona ametengwa. "Pole sana, Rehema, tupo" yatosha, kisha mwacheni aongee au anyamaze.

Na kama msiba huu umekuamshia wa kwako, hata wa miaka mingi, leo nipo ofisini hadi saa 11 jioni. Njoo tukae.

Hamisi
Kiongozi wa timu ya malipo