YAH: Mpango wa kufidia masomo ya Salma, Darasa la Nne B

4 Agosti 2025

Mama Salma,

Salaam. Pole tena kwa kuuguza, na tunashukuru mtoto amerudi. Haya ndiyo tuliyokubaliana leo asubuhi kuhusu wiki tatu alizokosa kwa homa ya matumbo (14 Julai hadi 1 Agosti).

Asinakili madaftari yote ya wenzake. Mkono utachoka na kichwani hakitaingia kitu. Nitampa kurasa za Sayansi zilizotolewa kopi, azisome tu. Insha za Kiswahili zilizopita tumezifuta. Badala yake asome ukurasa mmoja kwa sauti kila jioni, wewe ukimsikiliza. Kiingereza ni maneno matano kwa siku, kila neno alitungie sentensi.

Hisabati ndiyo yenye kazi. Darasa limefika kwenye sehemu, naye hakuwepo tulipofundisha kugawanya. Asipojua kugawanya, kurahisisha sehemu kutamshinda, kwa hiyo tunaanzia huko. Nitakaa naye Jumanne na Alhamisi, saa 9:00 hadi 9:30 alasiri, tarehe 5, 7, 12 na 14. Ijumaa tarehe 8 ni Nanenane, apumzike.

Nyumbani afanye maswali matano, dakika 20, basi, hata kama hajamaliza. Kaka yake anaweza kumwelekeza ila asimshikie kalamu. Nikiona majibu yote sahihi bila njia, sitajua alipokwama. Mwangalie hasa kwenye sifuri: 612 ÷ 6 wengi huandika 12, kwa kuruka kumi. Azoee kuhakiki kwa kuzidisha: 12 × 6 ni 72, kwa hiyo amekosea, 102 × 6 ndiyo 612.

Ijumaa tarehe 15 nitampa maswali kumi. Akipata saba au zaidi, tarehe 19, 21, 26 na 28 tunafanya sehemu. Akipata chini ya hapo tunarudia kugawanya wiki moja, na sehemu zitasogea hadi Septemba. Bado tuna nafasi kabla ya Upimaji wa Kitaifa mwezi wa Oktoba, kwa hiyo tusimkimbize. Jaribio la Agosti atafanya, ila hatapangwa nafasi.

Kuhusu afya: kwa wiki mbili hachoti maji, hafagii uwanja wala hakimbii. Atakaa dawati la mbele na kwenda chooni bila kuomba ruhusa. Wewe umpe chupa ya maji yaliyochemshwa kila siku, na amalize dawa zote kama alivyoandikiwa hata akijisikia mzima. Akipata homa, kizunguzungu au tumbo likimuuma, nitakupigia simu hapo hapo na masomo ya ziada yatasimama mpaka aonwe na daktari.

Tukutane Ijumaa 29 Agosti, saa 8:30 mchana, uje na daftari lake la Hisabati la nyumbani.

Mwalimu Grace, mwalimu wa darasa

Nimesoma na nimekubali. Siku nitakazochelewa kutoka sokoni, kaka yake ndiye atakayemsikiliza akisoma.
Mama Salma