Ombi la kuonana nawe ofisini Alhamisi kuhusu kiambishi ki-

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni Neema, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo lako la Utangulizi wa Isimu, semina ya kundi la tatu. Huenda hunitambui kwa sura, kwa kuwa hukaa nyuma ya ukumbi na sijawahi kunyoosha mkono. Ninaomba, iwapo nafasi ipo, unipe dakika 15 Alhamisi hii ndani ya muda uliobandika mlangoni, yaani kati ya saa nane mchana na saa kumi jioni. Siku ya Jumanne, ambayo nayo imo katika tangazo lako, muda huo huo ninakuwa kwenye semina ya somo jingine.

Linalonisumbua ni kanuni uliyotufundisha wiki iliyopita, kwamba kiambishi ki- hugeuka kuwa ch- kinapofuatwa na irabu, kama katika chumba, chombo, changu na chema. Niliporudia daftari nilikutana na kiazi, kiapo, kiumbe na kiongozi, ambayo yote yana irabu baada ya ki- na hayabadiliki hata katika wingi, kwani tunasema viapo na viumbe, ilhali chumba huwa vyumba. Nilidhani nimepata jibu: kwamba nomino zinazotokana na vitenzi, kama kiapo kutoka apa na kiumbe kutoka umba, ndizo zinazobaki na ki-. Nilifurahi kwa siku moja tu, maana kesho yake nilikumbuka chanzo, ambalo linatokana na anza na bado limegeuka. Sasa sijui kama kanuni ina sharti ambalo sikulinakili, au kama maneno haya yaliundwa katika nyakati tofauti na kanuni haikuyakuta yote.

Nimeyapanga maneno 22 ya namna hiyo katika karatasi moja, nami nitakuja nayo ili nisikupotezee muda. Siombi kuongezewa siku za kukusanya zoezi. Nitalikusanya Jumatatu kama ulivyoagiza, ila ningependa kulielewa kabla ya kuliandika.

Niseme kweli, Mwalimu, Alhamisi iliyopita nilifika hadi mlangoni kwako, nikawakuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wakisubiri kwenye benchi, nikaona swali langu ni dogo, nikageuka. Kiongozi wetu wa darasa (naye ni mmoja wa hao wasiobadilika) ndiye aliyenishauri nikuandikie kwanza.

Ikiwa Alhamisi imejaa, ninaweza kufika Ijumaa asubuhi wakati wowote kabla ya saa nne, au siku nyingine utakayoona inafaa. Na kama ungependa niulize swali hili mbele ya wenzangu katika semina, nitajitahidi kufanya hivyo.

Ninatanguliza shukrani.

Mwanafunzi wako,
Neema