Ni mkimya, sijui kama ananipenda

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Nyegezi, ni karani kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Kuna kaka mmoja upande wa mizani, wanakopima sangara wakitoka mwaloni. Huyo mtu haongei! Salamu yake ni "mambo", kichwa chini, basi.

Vitendo vyake ndivyo vinanichanganya. Mvua ikinyesha jioni hunisubiri getini na mwavuli mpaka nipate daladala, ilhali yeye anakaa Kirumba, njia tofauti kabisa. Nilipougua malaria alinitumia ujumbe: "Umekunywa dawa?" Nikamjibu aya nzima. Akarudisha "Sawa." Juzi kaniachia sato wawili wabichi kwa mwenzangu wa ofisini, wala hakusubiri shukrani. Mwenzangu anacheka, eti mahari imeanza kulipwa. Mimi naona huenda ni roho nzuri tu, maana hata mama ntilie wetu humbebea ndoo za maji, na yule ana wajukuu.

Nikianza mimi, hataniona mrahisi? Akikataa, bado kila asubuhi lazima tusainiane karatasi za mzigo. Kumchunguza kupitia rafiki yake naogopa, habari itazunguka kiwanda kizima kabla ya chai ya saa nne. Jumamosi ijayo wafanyakazi tunakwenda kisiwa cha Saanane. Nikae naye boti moja nimuulize wazi kama ana mtu, au nisubiri aseme mwenyewe? Na akisema "sawa" tu, nielewe nini?

Njia panda, Nyegezi