Barua ya naibu wa chifu kuhusu shamba la marehemu babu, Kuka: maneno yake na maana yake

Mulembe, Kukhu.

Senge alinitumia picha ya barua kwa Wotsapu. Mwandiko umebanana, lakini nimeikuza kwenye simu na kunakili neno kwa neno. Palipoandikwa BARUA ni maneno ya naibu wa chifu mwenyewe, sikuyagusa. Palipoandikwa MAANA ni yaleyale kwa Kiswahili cha nyumbani. Palipoandikwa NYONGEZA ni maneno yangu, hayamo kwenye barua. Senge akusomee polepole, sehemu moja kisha nyingine. Ile barua yenye muhuri kaa nayo wewe mwenyewe, usimpe mtu aondoke nayo.

Kubwa kwanza: hujashtakiwa. Unaitwa kwenye kikao Alhamisi tarehe 27 Machi, saa nne asubuhi, ili majina ya familia ya Kuka yaandikwe sawasawa. Tafadhali enda.

BARUA
Ofisi ya Naibu wa Chifu,
Kimilili, Kaunti ya Bungoma.
11 Machi 2025
Kwa Mama Nafula, mjane wa marehemu Mzee Wekesa.
KUH: MIRATHI YA MAREHEMU MZEE WEKESA

MAANA
Barua ni yako wewe, Kukhu, si ya Baba Mdogo wala ya mtu mwingine. Inahusu mali aliyoiacha Kuka.

BARUA
Kwa heshima na taadhima, rejelea kichwa cha barua hii. Ofisi hii imepokea ombi la barua ya utambulisho wa warithi wa marehemu aliyetajwa hapo juu, kwa madhumuni ya kuwasilishwa mahakamani kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya Sheria za Kenya.

MAANA
Mtu amekuja ofisini kuomba barua inayosema Kuka ameacha nani na nani. Barua hiyo itapelekwa kortini ili kesi ya urithi ianze.

NYONGEZA
Haikutaja ni nani aliyeomba. Una haki ya kuuliza, na ungeuliza hilo kabla ya lingine lolote siku hiyo.

BARUA
Hivyo basi, unatakiwa kuhudhuria kikao katika ofisi hii siku ya Alhamisi, tarehe 26 [imekatwa] 27 Machi 2025, saa nne kamili asubuhi bila kukosa, ukiandamana na warithi wote halali wa marehemu, pamoja na wazee wawili wa [neno limefunikwa na muhuri].

MAANA
Njoo ofisini Alhamisi tarehe 27, saa nne asubuhi. Njoo na watu wote wanaostahili kurithi mali ya Kuka, na wazee wawili.

NYONGEZA
Tarehe ni 27. Aliandika 26 akaikata kwa kalamu, na Alhamisi yenyewe ni tarehe 27. Neno lililo chini ya muhuri linaweza kuwa "ukoo" au "kijiji", na mimi siwezi kukisia kwenye jambo kama hili. Senge apite kwa mzee wa kijiji wiki hii amuulize ni wazee gani wanatakiwa.

Sasa hapo kwenye "warithi wote halali" nataka usimame kidogo, Kukhu. Najua pale nyumbani kuna wanaosema mabinti walioolewa hawahesabiwi. Sheria haisemi hivyo. Kuka hakuacha wosia, na kwa mtu wa namna hiyo Sheria ya Urithi inawahesabu watoto wote sawa, wavulana kwa wasichana, aliyeolewa na asiyeolewa. Kwa hiyo Senge ni mrithi. Dada yake aliye Webuye ni mrithi. Watoto wa Baba Mkubwa aliyetangulia mbele za haki pia wanasimama mahali pa baba yao. Wote waje, au angalau majina yao yaandikwe. Na wewe ndiwe wa kwanza: vyombo vya nyumbani na vitu vya Kuka vya kutumia ni vyako kabisa, na shamba una haki ya kulikalia na kulitumia maisha yako yote kabla halijawafikia watoto. 

BARUA
Mje na nakala halisi pamoja na vivuli vya: cheti cha kifo, vitambulisho vya warithi, hatimiliki, na matokeo ya upekuzi rasmi wa ardhi wa hivi karibuni.

MAANA
Beba karatasi zenyewe na fotokopi zake: cheti cha kifo cha Kuka, kitambulisho cha kila mrithi, hati ya shamba, na sachi mpya kutoka ofisi ya ardhi Bungoma, yaani ile karatasi inayoonyesha shamba liko kwa jina la nani leo.

NYONGEZA
Fotokopi ndizo za kuacha. Hati ya shamba aiangalie ukiwa hapo, kisha irudi kwenye mfuko wako.

BARUA
Izingatiwe kwamba ni hatia kwa mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya kutolewa kwa hati ya usimamizi wa mirathi.

MAANA
Mpaka korti itoe karatasi ya kumtaja msimamizi, hakuna anayeruhusiwa kuuza, kukodisha wala kukata kipande cha shamba la Kuka. Anayefanya hivyo anavunja sheria.

NYONGEZA
Hata yule anayesema ameshalipa arubuni ya upande wa mtoni, sheria inamhusu. Sema jambo hilo kwenye kikao, waziwazi, liandikwe.

BARUA
Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi kabla ya tarehe tajwa. Kutohudhuria bila sababu ya msingi kutachukuliwa kuwa umeridhia majina yatakayowasilishwa.

MAANA
Asiyekubaliana aandike barua na kuipeleka kabla ya tarehe 27. Usipokwenda na huna sababu nzuri, watasema umekubali majina watakayopewa na wengine.

NYONGEZA
Mstari huu ndio uliokukosesha usingizi, Senge ameniambia. Haukunyang'anyi shamba. Naibu wa chifu hagawi ardhi, anaandika tu majina. Anayegawa ni korti, na kabla ya korti kutoa hati, ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Baada ya hati kutoka, kwa kawaida hupita miezi 6 ndipo korti ithibitishe ugawaji. Nafasi ya kusema ipo. Lakini jina lililoachwa mwanzoni ni shida kulirudisha baadaye, linataka wakili na nauli za kwenda kortini mara nyingi, ndiyo maana nasisitiza uende. Goti likikataa siku hiyo, nipigie simu mapema, nitaandika barua ya udhuru na Senge aipeleke kabla ya tarehe 27.

BARUA
Wako katika utumishi,
[sahihi]
Naibu wa Chifu

MAANA
Ametia sahihi yake na muhuri wa ofisi.

NYONGEZA
Siku hiyo wanaweza kukupa karatasi uweke sahihi au kidole gumba. Isomwe yote kwanza, kwa Lubukusu ukitaka, na Senge ayahesabu majina moja moja. Jina la mtoto yeyote wa Kuka likikosekana, usiweke kidole. Sema litiwe, usubiri liandikwe, ndipo uweke.

Nauli ya bodaboda ya watu watatu nimemtumia Senge leo. Waondoke nawe saa mbili.

Mjukuu wako,
Nakuru