Tangazo kwa wateja: tunavyokagua tarehe na pakiti zilizoharibika

Jumatatu, 9 Februari 2026
Ngamiani, Tanga

Wateja wetu na majirani, salaam alaykum, na habari za leo.

Wiki iliyopita mama mmoja wa barabara ya 10 alirudisha boksi la maziwa la nusu lita. Lilikuwa limepitwa na tarehe siku 9. Hakupiga kelele. Aliliweka kaunta, akanigeuzia upande wenye tarehe, akaninyamazia. Nilimrudishia hela yake na kumwomba radhi, na leo nawaomba radhi nyote, maana asingesoma yeye, mtoto angekunywa.

Kosa tulilitafuta tukalipata. Katoni mpya ilishushwa kwenye bajaji saa ya magharibi, duka limejaa watu, kijana akapanga boksi mpya mbele ili awahi kuhudumia. Za zamani zikabaki zimejificha nyuma. Mpya zilipouzwa, za nyuma zikajitokeza zenyewe. Kumbe kukagua shelfu kila mwisho wa mwezi, kama tulivyokuwa tukifanya, hakutoshi.

Sasa tunakagua kila Jumatatu na Alhamisi, saa 12 asubuhi, kabla ya kufungua. Mmoja anashusha bidhaa na kusoma tarehe kwa sauti, mwingine anaandika kwenye daftari jekundu lililo chini ya mizani. Mkitaka kuliona, ombeni, si siri. Mzigo mpya hauingii shelfuni mpaka wa zamani usogezwe mbele, na kila katoni tunaiandika kwa makapeni mwezi wake wa mwisho, herufi kubwa, isomeke hata na asiyevaa miwani. Mzigo ukifika wakati wateja ni wengi, unasubiri stoo. Mkiambiwa "maziwa yapo ila hayajapangwa", msituone wavivu.

Kuhusu kusoma tarehe zenyewe. MFG ni siku bidhaa ilipotengenezwa, na wengi huishia kuisoma hiyo. Inayotakiwa ni EXP, yaani mwisho wa kutumika, au BB, yaani itumike kabla ya siku hiyo ikiwa bado katika ubora wake. Biskuti iliyopita BB kwa wiki moja aghalabu itakuwa imepoteza ukavu tu, haitakudhuru. Hata hivyo hapa dukani zote mbili tunazitoa siku ileile, kwa sababu sitaki kijana wa kaunta aanze kumhukumia mteja ipi inalika na ipi hailiki. Bidhaa za nje zina utata mwingine: 03/04/26 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, kutegemea ilikotoka. Sisi tunachukua ile inayokuja mapema. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, tunaitoa mwezi huo unapoanza. Na tarehe iliyofutika, au inayoonekana imesuguliwa kwa thina na kugongwa upya, hatuipokei hata kama mwenye mzigo ni rafiki yangu.

Bidhaa ikibakiza mwezi mmoja inahamia kwenye kapu la njano karibu na mlango, bei imepunguzwa robo, na mnaambiwa wazi kwa nini. Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayaingii kwenye kapu hilo kamwe. Yakibakiza miezi miwili tunamrudishia muuzaji wa jumla. Akikataa, hasara ni yangu.

Nije kwenye pakiti zilizoharibika, maana hapa ndipo tunapobishana zaidi. Tarehe inaweza kuwa bado mbali na kilichomo ndani kimeshaoza.

Kopo lililovimba, la nyanya, samaki au maharage, linatupwa. Uvimbe huo ni hewa inayotengenezwa na vijidudu vilivyomo ndani, na vingine vinatoa sumu isiyobadilisha harufu wala ladha. Kwa hiyo msilifungue "kuonja kidogo". Kopo lililobonyea ubavuni, kibonyeo kifupi kisicho na kona kali, tunaliweka kwenye kapu la njano. Likibonyea kwenye mshono wa juu, wa chini au wa ubavuni, hatuuzi, kwa sababu mshono ukishatikisika hewa inaweza kupita pasipoonekana. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno; iliyochimba bati, hapana. Boksi la maziwa au juisi lililovimba, au linaloacha unyevu kwenye kiganja ukilishika, nalo linaondoka.

Pakiti iliyotafunwa na panya inatupwa hata kama tundu ni dogo kama punje ya mtama na karatasi ya ndani haijaguswa. Najua inauma kuona kilo 2 za sembe zikitupwa. Lakini panya hatafuni pakiti tu, anakojoa pia, na mkojo wake unabeba maradhi. Homa ya mgunda iliyotokea Lindi mwaka 2022 haijasahaulika.

Unga uliopata maji tunauangalia kwa kuubonyeza pakitini. Ukiwa na mabonge magumu au harufu ya ukungu, haurudi shelfuni, na wala hatumpi mtu akalishe kuku. Wafugaji wawili wamenuna kwa hili. Ndugu zangu, sumukuvu haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara, na mfugo ukiila, sumu inaweza kufika kwenye maziwa na mayai. Masika yanakuja, na hapa kwetu pwani unyevu unapanda hadi kwenye magunia. Ndiyo maana mnaona yote yamewekwa juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Bidhaa za kupima, yaani sukari, mchele, maharage, tambi na mafuta, hazina tarehe kwenye mfuko tunaowafungia. Kwa hiyo kibandiko cha gunia au dumu hatukitupi mpaka kilichomo kiishe. Kimefungwa kwa uzi shingoni, na juu yake tumeandika siku tuliyofungua. Kisomeni. Wiki ijayo tunatarajia Ramadhani na tende zitaingia kwa wingi. Za kupima tutazipasua chache mbele yenu kila boksi jipya likifunguliwa, na boksi lenye wadudu halitauzwa.

Tunachotoa hatukiweki jalalani kikiwa kizima, maana wapo wanaookota na kukiuza tena. Maziwa tunamwaga, pakiti tunazichana, makopo tunayatoboa kwa msumari.

Mkikuta kitu kimepitwa na tarehe au kimeharibika, kileteni. Risiti ikiwepo vizuri, isipokuwepo tutaangalia kwenye daftari jekundu kama mzigo huo ulipita kwetu. Mtapewa hela au kingine cha bei hiyohiyo, na wanaochukua kwa mkopo tunafuta deni la bidhaa hiyo. Maziwa na mtindi leteni siku hiyohiyo mnapogundua; mtindi uliokaa juani tangu asubuhi siwezi kujua umeharibikia kwangu au kwako. Tukibishana na msiporidhika, nendeni kwa bwana afya wa kata au TBS, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019. Sitamnunia mtu.

Jambo la mwisho ni ombi kwa watoto wanaotumwa dukani: msichomoe boksi la nyuma kabisa na kuyavuruga ya mbele. Wazazi wamewafundisha kwamba la nyuma ndilo jipya, na ni kweli, lakini mpangilio ukishavurugwa tunarudi kulekule kwenye boksi la mama wa barabara ya 10. Anayetaka lenye tarehe ya mbali aseme tu, atapewa.

Mwenye duka,
Baba Zuhura