Majibu ya haraka: gesti yetu, Moshi mjini

/saa
Karibu sana. Mapokezi yako wazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 5 usiku. Kuingia chumbani ni kuanzia saa 8 mchana, kutoka ni saa 4 asubuhi. Basi likichelewa, tuandikie kabla ya saa 4 usiku ili mlinzi akusubiri getini.

/bei
Kwa usiku mmoja, pamoja na chai ya asubuhi: chumba cha feni sh 30,000, cha kiyoyozi sh 45,000. Bei ni ya chumba, si ya mtu.

/nafasi
Tutumie tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu na aina ya chumba. Tukikujibu kuwa kipo, lipa nusu ndani ya saa tatu kwa Lipa Namba iliyo kwenye wasifu wetu, kisha tutumie ujumbe mzima wa muamala. Picha ya ujumbe huo mara nyingi hukata namba ya kumbukumbu. Akilipa mtu mwingine, taja jina lake, la sivyo hatutajua malipo ni ya nani. Tafadhali usisafiri kabla hujapata neno IMETHIBITISHWA. Ukija, beba kitambulisho cha kuandikia kitabu cha wageni.